Vinundu vya kahawia mgongoni na vinyama shingoni: kipi kipelekwe kwa daktari?

*Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 71, ni mnene kiasi, tunaishi Mtwara. Mgongoni na chini ya matiti ana vinundu vingi vya kahawia, laini, kama vimebandikwa, na shingoni na kwapani ana vinyama vinavyoning'inia. Kimoja cha mgongoni, pale mkanda wa sidiria unapopita, kimekuwa cheusi, kinawasha, na juzi kilitoa damu kidogo. Jirani anasema tuvifunge kwa uzi au tupake mafuta ya ganda la korosho. Je, hii ni kansa? Tufanye nini?*

Marahaba. Kwa jinsi ulivyoeleza, karibu vyote havina madhara na vinaweza kuachwa kama vilivyo. Kile kimoja cha kwenye mkanda ndicho kinachohitaji kuangaliwa na mtu anayejua ngozi ndani ya wiki mbili hizi. Hadi kiangaliwe, kisifungwe uzi wala kisipakwe mafuta ya korosho, na sababu yake nitaieleza mbele.

Nianze na vile vya mgongoni. Tabibu akiviona ataandika keratosisi ya seboreiki, na ni miongoni mwa vitu vinavyoonekana mara nyingi zaidi kwenye ngozi ya watu waliovuka miaka 50. Hutokana na seli za tabaka la juu kabisa la ngozi ambazo huzaliana mahali pamoja na kurundikana kuelekea juu, bila kuchimba chini. Ndiyo maana huonekana kama tone la nta ya mshumaa lililodondokea mgongoni na kuganda hapo. Havitokani na virusi, kwa hiyo mjukuu anayelala na bibi yake hawezi kuambukizwa, na taulo haihitaji kutengwa. Mara nyingi utakuta baba au mama wa mgonjwa naye alikuwa navyo uzeeni, kwa sababu mwelekeo wa kuviota hurithiwa. Idadi huongezeka taratibu mwaka hadi mwaka, na kwa wengine hufika makumi kadhaa. Kinundu cha aina hii kwa kawaida hakigeuki kuwa saratani, hata kikae miaka ishirini.

Tatizo la kweli liko kwingine: saratani ya ngozi iitwayo melanoma, mara chache, huweza kujivika sura ileile, na ikajificha katikati ya vinundu thelathini visivyo na neno. Kwa hiyo kazi yako wewe unayemwogesha au kumpaka mama mafuta ni kutafuta kile kisichofanana na wenzake.

Mkalishe mama karibu na dirisha mchana, mgongo ukiwa mkavu, kisha pitisha ncha ya kidole juu ya vinundu kimoja kimoja. Cha kawaida utahisi ukingo wake waziwazi, kana kwamba kimewekwa juu ya ngozi na kucha ingeweza kuingia chini yake. Uso wake haung'ai. Umefifia, una mafuta kidogo, na wakati mwingine humeguka chembechembe. Ukisogeza macho karibu, au ukipiga picha ya simu na kuikuza, utaona vitundu vidogo vilivyozibwa na uchafu mweusi, pamoja na vidoadoa vyeupe au vya manjano vilivyofukiwa ndani. Hivyo vitundu na vidoa ndivyo anavyovitafuta daktari wa ngozi anapoweka ile lenzi yake yenye taa, dematoskopu, juu ya kinundu, na akiviona vimejaa huwa ametulia nusu nzima kabla hata hajasema kitu.

Weusi peke yake usikutishe. Vitabu vingi vya afya vimeandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe, ambako kitu cheusi huvuta jicho mara moja. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi vinundu hivi huwa vya kahawia iliyokolea au vyeusi kabisa tangu mwanzo, na bado ni salama. Hata vile vidogo vyeusi vinavyotapakaa mashavuni na pembeni mwa macho, ambavyo wanawake wengi wa kwetu huanza kuviona wakiwa bado vijana na kudhani ni chunjua, ni ndugu wa hivi hivi na havihitaji matibabu isipokuwa mwenyewe akivichukia.

Ila kuna jambo moja ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote: keratosisi ya seboreiki haioti kwenye kiganja wala kwenye unyayo. Huota usoni, kichwani, shingoni, kifuani, mgongoni, chini ya matiti, mikononi na miguuni juu ya kifundo. Kwa hiyo mtu akikuonyesha doa jeusi chini ya kisigino na kusema ni kama vile vya mgongoni, jibu ni kwamba sivyo, na doa hilo liangaliwe.

Nitoe mfano, nikiunganisha mambo ninayokutana nayo kwa wagonjwa wa aina hii. Anakuja mzee wa miaka 73 akisindikizwa na binti yake. Mgongoni ana vinundu zaidi ya thelathini, na kimoja chini ya bega la kushoto kimevimba, kimezungukwa na wekundu uliofifia, kina gamba la damu na kinawasha. Ndicho kilichomleta. Kwenye lenzi vile vitundu vilivyozibwa bado vinaonekana pembeni mwa gamba. Mzee anakiri kwamba hujikuna kwa fimbo ya mgongo kila usiku. Kinundu kile kimekwaruzwa tu, basi. Kinaondolewa kwa sababu kinamsumbua, kinapelekwa maabara, na majibu yanarudi kama yalivyotarajiwa. Lakini kabla hajavaa shati anaombwa avue viatu na soksi, jambo linalomshangaza, na kwenye kisigino cha kulia kunaonekana doa la milimita 14, bapa, jeusi upande mmoja na la kijivu upande wa pili, lenye ukingo uliochongoka ovyo na sehemu ndogo iliyochubuka katikati. Nyumbani walidhani ni mahali alipochomwa na mwiba, na mara kadhaa wamepakwanguakwangua kwa wembe. Kipande kinakatwa, na jibu ni melanoma.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo kwa watu weusi. Melanoma ni adimu kwetu, lakini inapotokea hupendelea unyayo, kiganja na chini ya kucha, mahali ambapo jua halina kazi yoyote na ambapo mtu mzima hajitazami. Bob Marley aligunduliwa kuwa nayo kwenye kidole gumba cha mguu mwaka 1977, akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Wagonjwa wetu wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa kwa sababu ileile iliyomchelewesha mzee wa mfano wangu: doa la mguuni hufikiriwa kuwa damu iliyovilia, mwiba au sugu, huku hofu yote ikiwa imeelekezwa kwenye vinundu vya mgongoni.

Kwa hiyo siku utakayotazama mgongo wa mama, tazama pia nyayo zake zote mbili, katikati ya vidole, na kucha. Mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa ni ya kawaida kwa watu weusi, hasa umri ukisonga. Unaostahili kuangaliwa ni mstari mmoja ulioanza ukubwani kwenye kucha moja na unaozidi kupanuka, hasa ikiwa weusi umevuka kucha na kuingia kwenye ngozi inayoizunguka. Miguuni tazama pia mabaka au vinundu vya rangi ya zambarau iliyokolea, vigumu, pengine pamoja na uvimbe wa mguu. Hiyo inaweza kuwa saratani ya Kaposi, inayojulikana sana ukanda huu wa Afrika, na haina uhusiano wowote na uzee wa ngozi.

Sasa nirudi kwenye kile cha mkanda. Mahali kilipo panaeleza mengi: mkanda unasugua kutwa nzima, jasho la Mtwara linalainisha ngozi, kinundu kinavimba, kinawasha, mama anakikuna, kinatoa damu na kuwa cheusi kwa gamba. Uwezekano mkubwa ni huo. Muondoleeni msuguano kwa kumvalisha kitu kisicho na mkanda, osheni kwa maji na sabuni isiyo kali, pakeni mafuta ya mgando mara mbili kwa siku, na msiache akikune. Kinundu kilichochubuliwa kwa kawaida hutulia ndani ya wiki mbili au tatu, gamba likadondoka na sura yake ya zamani ikarudi. Hata hivyo sitaki mngojee matokeo hayo ndipo muende, kwa sababu kitu kilichobadilika rangi, kinachowasha na kilichotoa damu kimetimiza masharti ya kuangaliwa, na hakuna jicho, hata langu, linaloweza kuapa kwa kuangalia picha ya simu tu.

Kipigeni picha leo hata hivyo, mkiweka rula au sarafu pembeni ili ukubwa uonekane, na mwende nayo. Daktari akijua kilikuwa na upana gani wiki mbili zilizopita, huamua kwa urahisi zaidi. Mkitaka kuendelea kufuatilia vingine, picha moja ya mgongo mzima kila baada ya miezi mitatu inatosha. Kinachotia wasiwasi kwenye picha hizo ni kinundu kinachokua ndani ya wiki badala ya miaka, kisicho na ukingo wa kushikika, chenye rangi tatu au nne mahali pamoja, kinachovuja damu bila kuguswa, kilicho kigumu na kinachong'aa, au chenye kidonda ambacho hakijapona kwa wiki nne.

Kuna hali moja nyingine, ya nadra. Vinundu vya mgongoni vikilipuka vingi kwa pamoja ndani ya wiki au miezi michache, vikiwasha sana, na mgonjwa huku anakonda au amepoteza hamu ya kula, ngozi inaweza kuwa inatoa taarifa ya saratani ya ndani, hasa ya tumbo au ya utumbo. Hapo vinundu vyenyewe bado havina madhara, na uchunguzi unapaswa kufanyiwa mwili wote. Vya mama, kama vimekuja kidogo kidogo kwa miaka, havimo humo. Na kama kuna msomaji mwenye ualbino anayesoma haya, asiyatumie kwa ngozi yake: kwake kila gamba, kidonda au kinundu kipya mahali palipopigwa na jua kinastahili kuonwa mapema, hata akiwa na miaka 20.

Vinyama vya shingoni na kwapani ni habari tofauti. Hivyo ni ngozi laini yenye mshipa mdogo wa damu katikati, iliyojivuta ikawa na kikonyo, na huota pale ngozi inaposuguana na ngozi au na mkufu: shingoni, kwapani, chini ya matiti, kwenye mikunjo ya mapaja, hata kwenye kope. Unene huviongeza. Wala havigeuki kuwa saratani. Kimoja kikijisokota kwenye kikonyo chake hukatikiwa na damu, kikauma, kikawa cheusi ghafla na kudondoka chenyewe baada ya siku kadhaa. Watu huja mbio wakidhani ni kitu kibaya, na huwa si kitu.

Ambacho vinyama hivi vinaweza kusema ni habari za sukari. Vikiwa vingi kwa mtu mnene, na hasa kama ngozi ya shingo kwa nyuma na ya kwapani imekuwa nyeusi, nene na ya mahameli kiasi kwamba mtu anaisugua kwa dodoki akidhani ni uchafu, mara nyingi mwili unakuwa umeanza kushindwa kuitikia insulini. Ningeomba mama apimwe sukari kabla ya kula asubuhi kama hajapimwa mwaka huu. Ikisoma 7.0 mmol/L au zaidi, kipimo kirudiwe siku nyingine, na kikirudia hivyo atakuwa na kisukari kinachohitaji matibabu. Kwa umri na mwili wake, kipimo hicho kina faida kubwa kuliko kukata kinyama chochote.

Kinyama kilicho sehemu za siri au kuzunguka njia ya haja kubwa kisihesabiwe pamoja na hivi kabla hakijaangaliwa. Huko kinaweza kuwa masundosundo, yanayotokana na virusi na yenye matibabu yake, au ngozi iliyobaki baada ya bawasiri, na wazee huona haya hata kulitaja. Muulize mama kwa faragha.

Kuhusu ushauri wa jirani. Uzi ukifungwa vizuri kwenye kikonyo chembamba kweli hukikausha kinyama, lakini nyumbani mara nyingi hukaa nusu: damu inaingia bila kutoka, kinyama kinavimba, kinanuka, na kwa mtu mwenye sukari isiyojulikana kidonda hicho huchukua muda mrefu kupona. Vinundu vya mgongoni havina kikonyo cha kufunga hata mkitaka. Mafuta ya ganda la korosho ni hatari zaidi, na huko Mtwara mnajua vizuri kuliko mimi yanavyobabua mikono ya wanaobangua bila kujipaka kinga. Yanaunguza ngozi nzima ya pembeni pamoja na kinundu, na chini ya titi, ambako ngozi ni laini na yenye jasho, huacha kidonda kipana kisha kovu. Ubaya mkubwa kuliko kovu ni kwamba yanateketeza ushahidi. Kikiwa kinundu cha mkanda ndicho kile kimoja kisicho cha kawaida, mtakuwa mmekiunguza juu, mizizi imebaki chini, na hakuna kilichobaki cha kupeleka maabara.

Hospitalini mambo ni mafupi. Anzeni hospitali ya wilaya au ya mkoa na muulizie tabibu wa ngozi. Wapo wengi kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa kituo cha mafunzo ya ngozi kilicho Moshi, pale KCMC, kimekuwa kikiwafundisha tangu mwaka 1992. Mwambieni dawa zote anazotumia mama, hasa aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, na msizisimamishe wenyewe. Kinundu cha mkanda kitachomwa sindano ndogo ya ganzi, kisha kitakwanguliwa kwa kijiko chenye makali au kukatwa usawa wa ngozi kwa wembe wa upasuaji. Kama sura yake inatia shaka kwamba ni melanoma, hakikwanguliwi. Hukatwa chote pamoja na ukingo mdogo wa ngozi nzima, ili maabara iweze kupima kina chake, maana kina ndicho kinachoamua matibabu yanayofuata. Katika hali zote mbili ombeni kwa heshima kiwekwe kwenye kichupa cha fomalini na kupelekwa maabara. Wakati mwingine kitu kilichotoa damu hutupwa kwenye ndoo kwa sababu kilionekana cha kawaida, na sikubaliani na tabia hiyo hata kidogo.

Vinyama vidogo vya shingoni hukatwa kwa mkasi mwembamba au kuchomwa kwa umeme, vingine hata bila ganzi, na damu husimama kwa kubanwa dakika chache. Mkipewa naitrojeni ya baridi kali kwa ajili ya vile vya mgongoni, ulizeni kwanza. Ni tiba nzuri kwa kinundu, lakini seli zinazotengeneza rangi ya ngozi hufa kwa baridi ndogo kuliko seli nyingine, hivyo ngozi nyeusi inaweza kubaki na doa jeupe kwa miezi mingi au moja kwa moja. Mgongoni huenda mama asijali. Usoni na shingoni atajali. Na kama mama au ninyi watoto mna makovu yanayovimba na kupanda baada ya jeraha, semeni mapema, kwa sababu kifuani na mabegani ndiko makovu hayo yanakopenda kuota, na hapo ningeshauri vile visivyosumbua viachwe vyote.

Majibu ya maabara yakisema keratosisi ya seboreiki, iwe iliyochubuka au la, kazi ya kinundu hicho imekwisha na hakuna dawa ya kuendelea nayo. Kingine kinaweza kuota jirani mwaka ujao, na hicho hakitakuwa kile cha zamani kilichorudi. Yakisema jambo jingine, msingoje kupata nauli ya watu watatu: mmoja aende na mama, na ile karatasi ya majibu, hospitali ya rufaa mtakayoelekezwa, wiki hiyo hiyo.